Kwikwi za mtoto tumboni zisikudanganye kwamba anacheza

Mara ya kwanza kusikia kwikwi za mtoto tumboni sikujua ni nini, nilikuwa na wiki ya 29, nimelala zangu nasikia tik... tik... tik, chini huku karibu na nyonga, sehemu ileile, kama mshipa unaodunda. Nikaweka mkono nikahesabu, kila baada ya sekunde mbili tatu hivi inagonga, dakika kumi nzima halafu ikaacha yenyewe. Nikajua mtoto anatetemeka kwa baridi (msinicheke, ilikuwa saa nane usiku).

Mkunga wangu akanambia hizo ni kwikwi tu. Mtoto huwa anafanya mazoezi ya kupumua humo ndani, anavuta maji ya uzazi badala ya hewa, na msuli ulio chini ya mapafu unajikaza ghafla, basi kwikwi. Wengine wanapata mara kadhaa kwa siku, wengine mama zao hawazisikii kabisa mpaka wanajifungua na wote wako sawa. Yale maneno kwamba kwikwi ni dalili kitovu kimemzonga shingoni yaache tu, kwikwi peke yake haisemi hivyo.

Teke ni kitu kingine. Teke halina mpangilio, linakuja moja la nguvu, kimya, mawili, halafu kitu kinasukuma ubavuni kama kiwiko, tumbo linapinda upande mmoja, hapo anajigeuza au anajinyoosha. Kwikwi ziko kama saa ya ukutani, mdundo mmoja na mahali pamoja. Kwangu wiki za mwisho mateke yalikuwa juu chini ya mbavu na kwikwi chini, na mkunga akasema inaendana na mtoto aliyegeuza kichwa chini, kwa sababu miguu iko juu na kifua kiko chini. Ila usijipimie mwenyewe kwa hilo, atakayekwambia kwa uhakika ni mkunga akikushika tumbo au ultrasaundi.

Sasa mahali nilipokosea mimi. Wiki ya 34, mtoto wangu alishajiwekea ratiba, kila siku kuanzia saa tatu usiku ni vurugu, sahani niliyoweka juu ya tumbo inaruka. Siku hiyo asubuhi kimya, mchana kimya, nikasema labda mihangaiko yangu, maana ukitembeatembea mtoto analala na wewe husikii vizuri. Ikafika saa kumi jioni zikaja kwikwi, nikashusha pumzi, nikasema si huyu hapa yupo anacheza. Saa tatu ikapita bila vurugu, saa nne pia, na mimi bado najifariji na zile kwikwi za jioni!

Nikampigia mkunga, swali lake la kwanza, "dada, ukitoa kwikwi, amecheza mara ngapi?" Nikakosa jibu. Akanieleza kwamba kwikwi zinakuja zenyewe, mtoto hajazifanya kwa kutaka, kwa hiyo kwenye kuhesabu haziingii. Kinachohesabiwa ni mateke, kusukuma, kujigeuza. Akanambia nilale ubavu wa kushoto, simu mbali, nihesabu, kama masaa mawili yanaisha sijafika mara 10 niende hospitali usiku huohuo, na kama roho inanituma kwenda sasa hivi niende sasa hivi, nisisubiri hata hayo masaa. Nilihesabu lisaa limoja, nikapata tatu, nikavaa nikaondoka.

Walinifunga mikanda miwili tumboni, mmoja unasoma mapigo ya moyo ya mtoto, mwingine unaangalia tumbo likikaza. Kama nusu saa hivi. Mapigo yalikuwa mazuri, yanapanda akicheza, nikarudi nyumbani alfajiri, na hakuna aliyenikaripia kwamba nimewasumbua.

Kitu ambacho ningependa kukijua mapema ni kwamba mtoto analala kama dakika 20 mpaka 40 kwa mkupuo, mara chache kupita dakika 90, kwa hiyo kimya cha siku nzima sio usingizi. Na ile kauli kwamba karibu na kujifungua anapunguza kucheza kwa sababu nafasi imeisha, hapana. Staili inabadilika, anasukuma zaidi kuliko kurusha miguu, lakini kucheza hakupungui. Kama kondo la nyuma limekaa mbele ya tumbo mateke utayasikia kwa mbali, ila bado atakuwa na kawaida yake na ndiyo unayoilinganisha nayo, sio ya mtoto wa shoga yako.

Na wale wenye vile vimashine vya kusikilizia moyo nyumbani, moyo unaweza kudunda na mtoto bado hayuko sawa, tena unaweza kuwa unasikiliza mshipa wako mwenyewe. Mimi cha kwangu nilikirudisha droo siku hiyohiyo.