Kukadiria maji ya bomba lisilojaa: pima kina, kisha fuata Manning

Ukifungua chemba ukakuta maji yamefika 90 mm ndani ya bomba la 300 mm, usiseme bomba limebeba asilimia 30 ya uwezo wake. Limebeba kama asilimia 20 tu. Chini ya duara nafasi ni nyembamba, na maji machache yanasuguana na ukuta mwingi kuliko yanavyostahili.

Hesabu hutumia fomula ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kutokana na mteremko na mkwaruzo wa ukuta. Huanza na pembe ambayo uso wa maji unaikata kutoka katikati ya bomba. D ni kipenyo cha ndani, y ni kina, vyote kwa mita:

```
θ = 2·arccos(1 − 2y/D)
A = D²/8·(θ − sin θ)
P = D·θ/2
R = A/P
V = (1/n)·R^(2/3)·S^(1/2)
Q = A·V
```

A ni eneo la maji, P ni urefu wa ukuta uliolowa, n ni kipimo cha mkwaruzo wa ukuta, S ni mteremko, V ni kasi na Q ni mtiririko. Tuchukue bomba la zege, n = 0.013, mteremko S = 0.005, yaani nusu mita kwa kila mita 100. Pembe inatoka radiani 2.319, A inakuwa 0.0178 m², P 0.348 m, R 0.0513 m. Kasi ni 0.75 m/s, na mtiririko lita 13.4 kwa sekunde. Bomba hilohilo likijaa, bila shinikizo, hupitisha lita 68.

Kikokotoo kikiwa kwenye digrii, A itatoka kubwa ajabu. Dalili ni rahisi: A haiwezi kuzidi eneo la bomba zima, hapa 0.0707 m².

Kosa linaloumiza zaidi ni la rula. Ukisoma 80 mm badala ya 90, mtiririko unashuka hadi lita 10.6, pungufu ya asilimia 20 kwa milimita kumi tu. Kwa hiyo usipime pale maji yanapoangukia ndani ya chemba au yanapokata kona. Pima ndani kidogo ya mdomo wa bomba, mahali uso umetulia, na usome mara kadhaa. Kukiwa na mchanga chini, fomula hii haifai tena kama ilivyo, maana sakafu si duara.

Halafu hakiki kasi. Mwaga rangi chemba ya juu, uisubiri chemba ya chini. Kwa mita 40, kasi ya 0.75 inataka sekunde 53 hivi. Ikichukua 80, kasi halisi ni 0.5 m/s, na lita zako 13.4 si za kuaminika. Kabla ya kulaumu n, pima kina cha chemba ya chini. Kikiwa kikubwa kuliko cha juu, ilhali kipenyo na mteremko ni vilevile, kuna kitu mbele kinarudisha maji nyuma, na Manning ya mteremko wa bomba itazidisha mtiririko. Vina vikilingana, ndipo ushuku ukuta wenye mkwaruzo zaidi au mteremko uliolegea kuliko ulioandikwa kwenye mchoro.