Sare au magauni ya harusi?

Nilipoanza kushona nilikuwa na kazi mbili mkononi: magauni ya harusi na sare za shule. Gauni moja lilinilipa zaidi, kwa hiyo nikaamini ndilo litakaloniwezesha kuajiri. Nilikosea, na kosa nililigundua kwenye daftari.

Kwa wiki mbili niliandika kila hatua ya kazi na muda wake, kisha pembeni nikaweka alama: hii ni yangu tu, au hii anaweza kuifanya yeyote aliyefundishwa. Gauni lilikula saa 40, na 28 kati ya hizo zilikuwa zangu: kumsikiliza bibi harusi, kupima, kukata, kumvalisha na kurekebisha. Hata ningeajiri watu watatu, wangenisubiri mimi. Isitoshe, wateja walikuwa wanakuja kwa sababu ya mkono wangu, na hawakutaka wa mtu mwingine.

Kwa shati la sare, kazi yangu peke yangu ilikuwa kukata tu. Hapo ndipo nilipopiga hesabu ambayo wengi huiruka. Tuseme shati linauzwa 100. Kitambaa, uzi na vifungo ni 50. Ile 50 inayobaki nilikuwa naiita faida, kumbe ndani yake mlikuwa na ujira wangu ambao sikuwahi kujilipa. Fundi akichukua 25 kwa shati, pango na umeme vikachukua 10, inabaki 15. Shati moja likiharibika kabisa, unapoteza 50 ya vifaa na 25 ya fundi, yaani faida ya mashati matano mazima. Kama baada ya kumlipa fundi hakibaki kitu, kazi hiyo haibebi mtu wa pili, hata wateja wakijaa mlangoni.

Kabla ya kuajiri, nilimpa fundi mmoja mashati kumi kwa malipo ya kipande, nikaondoka. Manne yalirudi na kola zilizopinda. Nilitaka kumlaumu, lakini vipimo vya kola vilikuwa kichwani mwangu. Yeye alikuwa anakisia. Nikakata vigezo vya karatasi ngumu, nikatia alama kola inapokutana na shingo. Katika mashati kumi yaliyofuata, moja tu ndilo lililorudi, nalo lilifumuliwa likashonwa upya.

Hata hivyo sikumpa mshahara wa mwezi. Sare huagizwa kwa wingi shule zinapokaribia kufunguliwa, kisha kazi hupungua, ilhali mshahara haujui msimu. Tukaendelea kwa kipande mpaka nilipopata oda za mashati ya kazini za kujaza miezi mitupu.

Magauni sikuyaacha. Niliyapandishia bei, nikapunguza idadi hadi mawili kwa mwezi, na fedha ya kila moja natenga kidogo kwa ajili ya siku nitakazougua, maana huko nikilala kazi nayo inalala. Anayetaka gauni la haraka namwelekeza kwa fundi mwingine.