Mteja akisema "rangi siyo hii"

Jumatatu moja asubuhi nilipokea ujumbe wa mistari miwili kutoka kwa mteja niliyemsanifia kipeperushi: "Buluu yetu imetoka zambarau. Nakala zote 1,000 hazifai." Chini yake kulikuwa na picha ya rundo la vipeperushi mezani. Nilifungua faili, nikaikuta buluu yangu imetulia palepale kwenye skrini, na vidole vikaanza kuandika: "Kwangu rangi iko sawa, na nyinyi ndio mlioidhinisha."

Yote mawili yalikuwa kweli, na nashukuru sikuyatuma. Wenzangu mnaoanza usanifu, jibu la namna hiyo ndilo huja kwanza kichwani, kwa sababu linatukinga. Lakini mteja ameshika karatasi mkononi, nawe unamwonyesha skrini. Hapo hamzungumzii kitu kimoja, na atakachosikia ni kwamba unamwambia macho yake yanamdanganya.

Nilifuta, nikaandika hivi:

"Habari za asubuhi. Nimeiona picha: buluu ya kichwa imeelekea zambarau, sivyo ilivyokuwa kwenye mchoro mliouidhinisha. Naomba msizigawe kwanza. Nachunguza faili na uchapaji, na leo saa kumi jioni nitawaandikia nilichokuta. Naomba nakala mbili tatu nizione kwa macho, na mniambie mnazihitaji lini."

Angalieni kwamba nimetaja tatizo lenyewe kwa jina lake, na sijasema neno juu ya chanzo, maana nilikuwa sijakijua. Ukikimbilia kusema "samahani, ni kosa langu" kabla ya kuchunguza, huenda saa kumi ukalazimika kuyameza maneno yako, na hilo linauma kuliko lawama ya kwanza. Nakala niliziomba kwa sababu picha ya simu nayo hupotosha rangi. Tarehe niliiuliza kwa sababu ndiyo inayoamua marekebisho gani yanawezekana.

Uchunguzi uanze upande wako. Nilipoikagua faili niligundua nimeituma ikiwa RGB, yaani rangi za mwanga wa skrini. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne, CMYK, na buluu kali ya skrini haina wino unaoifikia. Mashine ikaibadilisha yenyewe, magenta, wino wenye wekundu wa waridi, ikapanda karibu sawa na samawati, na mchanganyiko huo huzaa zambarau. Ili buluu ibaki buluu, magenta iwe chini ya samawati kwa asilimia 30 hivi au zaidi. Isitoshe, sikuwa nimeomba sampuli ya chapa kabla ya kuruhusu nakala zote.

Kulikuwa na jambo la pili: karatasi waliyoichagua wao haina mng'ao, hunyonya wino na kupoza rangi. Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Ukiliandika kama utetezi, "hata karatasi mliyochagua imechangia", umeharibu kila kitu. Nililiweka ndani ya suluhisho, mahali linapomsaidia mteja kuamua:

"Nimepata chanzo. Faili niliituma katika rangi za skrini badala ya rangi za wino, na sikuomba sampuli. Hilo ni kosa langu, samahani. Faili nimeshairekebisha. Kwa kuwa maonyesho yenu ni Jumamosi, kuna njia mbili: nichapishe 300 zifike Ijumaa na 700 wiki ijayo, au zote 1,000 zifike Jumanne ijayo. Gharama ya kuchapa ni yangu. Karatasi hii hunyonya wino, kwa hiyo buluu itapoa kidogo. Alhamisi nitawaletea sampuli kwenye karatasi hii na nyingine yenye mng'ao, mchague."

Samahani moja, ya kosa lililotajwa, inatosha. Ukiirudia mara nne, mteja atajikuta anakubembeleza wewe badala ya kuchagua njia.

Wala si kila lalamiko linalipwa kutoka mfukoni mwako. Kama wangekuwa wameidhinisha sampuli iliyochapwa kisha wakaikataa buluu ileile, ujumbe wangu wa kwanza usingebadilika hata neno moja. Wa pili ndio ungekuwa tofauti: ningeambatanisha picha ya sampuli iliyosainiwa kando ya nakala, niseme zimelingana, kisha niwape bei ya kuchapa upya kwa rangi wanayoitaka sasa.

Walichagua 300. Alhamisi tulisimama dirishani na sampuli mbili, kwa kuwa taa za ofisini nazo zina rangi yake. Walibaki na karatasi ileile, ila wakasema buluu bado ina wekundu kidogo. Magenta ilikuwa 70 dhidi ya samawati 100. Niliishusha hadi 60, nikaleta sampuli nyingine jioni ileile, wakasaini nyuma yake, tukachapa.