Watoto wawili wanazubaa, EEG mbili tofauti

Swali: Daktari, niko mwaka wa tatu wa utabibu. Nimekariri kwamba kwenye EEG, yaani mchoro wa umeme wa ubongo, miiba na mawimbi 3 kwa sekunde ni abseni, kifafa cha kuzubaa kwa muda mfupi, na miiba ya upande mmoja ni kifafa cha eneo. Lakini kliniki tuna watoto wawili, wote wanazubaa tu. Kwa nini EEG zao hazifanani, na nitazitofautishaje bila kukariri?

Jibu: Weka mchoro kando kwanza, mtazame mtoto.

Chukua msichana wa miaka 7 ambaye mwalimu wake analalamika kuwa hasikii. Anakatika katikati ya sentensi kwa sekunde kumi hivi, kope zinapepesa, kisha anaendelea pale pale alipoishia. Kwa siku hutokea mara nyingi mno. Maabara tunampa kipande cha karatasi akipulize bila kusita kwa dakika 3. (Uliza kwanza kuhusu seli mundu. Mwenye seli mundu hatumpulizishi, maana kupumua hivyo hubana mishipa ya damu ya ubongo.) Kabla ya dakika ya pili karatasi inatulia. Papo hapo mistari yote kwenye skrini, ya kulia na ya kushoto, inalipuka kwa pamoja: mwiba, wimbi, mwiba, wimbi, 3 kwa sekunde, na yaliyo marefu zaidi yako upande wa paji la uso. Baada ya sekunde 9 yanakatika ghafla, na karatasi inaanza kupepea tena.

Mdundo huo wa abseni unatokana na mzunguko kati ya thalamasi, kiini kilicho ndani kabisa ya ubongo, na gamba la ubongo. Seli za thalamasi zina chaneli za kalisi za aina ya T, ambazo huwa tayari kufunguka pale tu seli inapokuwa imezimishwa sana kwanza. Tabaka jembamba la seli linaloizunguka thalamasi humwaga GABA, kemikali ya kutuliza, na kuzizimisha. Zinapoanza kuinuka, chaneli zinafunguka na seli zote zinafyatua kwa mkupuo. Gamba linaitikia, linaliamsha lile tabaka, na mambo yanaanza upya. Mwiba ni ule mfyatuko, wimbi ni ukimya unaoufuata. Mzunguko mmoja huchukua takriban theluthi ya sekunde, na hapo ndipo ile 3 yako inapotoka. Dawa ya ethosuksimidi huzuia chaneli hizo. Kumbe basi tatizo hapa si upungufu wa breki, na ndiyo maana vigabatrini, inayoongeza GABA, huweza kuzidisha abseni. Karbamazepini nayo huzidisha.

Wa pili ni mvulana wa miaka 14. Anaanza kwa kusema kitu kinampanda kutoka tumboni, kisha anakodoa macho, anatafunatafuna mate, mkono wa kulia unachezea kifungo cha shati huku wa kushoto umekakamaa. Dakika moja na nusu baadaye anaachia, lakini hajui yuko wapi. Mama anakumbuka kuwa alipokuwa mdogo alipata degedege la homa lililodumu karibu saa nzima. Mkono uliokakamaa unakuelekeza ubongo wa upande wa pili, yaani sehemu ya pembeni ya ubongo wa kulia.

Kipimo chake cha kwanza kinaweza kutoka safi kabisa, na hilo halifuti kifafa. Mrudishe akiwa amekesha, umpime akisinzia. Utaona miiba butu inayotokea F8 na T4 peke yake, elektrodi za pembeni mwa kichwa upande wa kulia. Katika mistari iliyounganishwa kwa jozi, ncha zinatazamana pale penye elektrodi husika. Ukibahatika kumnasa akizubaa, hutaona mlipuko wa pamoja. Utaona mdundo wa 5 hadi 7 kwa sekunde ukianza mdogo upande wa kulia, ukikua, ukisambaa, halafu ukipungua kasi kabla ya kuisha.

Hapa chanzo ni kovu, mara nyingi kwenye hipokampasi. Seli zilizobaki zinasisimuliwa kupita kiasi na glutamati, na kundi dogo linafyatua kwa pamoja. Kwa kawaida seli za kutuliza zilizo pembeni hulizingira kundi hilo, nawe unaona mwiba mmoja tu. Uzio huo ukivunjika, moto unapita kwa majirani, na kukua kwa mdundo kwenye skrini ndiko kuvuka kwenyewe. Kwake karbamazepini inafaa, ethosuksimidi haitamsaidia.

Mtego ninaouona mara kwa mara ni kifafa cha eneo kilichoanzia sehemu ya mbele ya ubongo karibu na mstari wa kati. Kinavuka upande wa pili haraka kiasi kwamba ukurasa mzima unaonekana kama wa msichana yule. Panua mchoro, ongeza kasi ya ukurasa, kisha tazama mwanzo wa kila mlipuko. Kama upande mmoja unatangulia, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, na ni ule ule kila mara, shuku eneo na uombe MRI. Kama unaotangulia leo ni wa kulia na dakika tano baadaye ni wa kushoto, hiyo bado ni abseni.