Maswali na Majibu: Ukalimani Kwenye Kikao cha Kihispania

Shikamoo mwalimu. Kihispania nakimudu vizuri. Kwenye kikao changu cha kwanza niliandika kurasa tatu nzima, lakini zamu yangu ya kusema ilipofika nilishindwa kusoma nilichoandika. Nakosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Uliandika maneno badala ya hoja. Mkono unapokimbizana na maneno, sikio huacha kufuata mzungumzaji anaelekea wapi, na mwisho unabaki na vipande visivyoungana. Katika ukalimani fuatizi, yaani ule wa kusubiri mtu anyamaze ndipo useme, karatasi inabeba vitu vitatu tu: nani anafanya nini, kiungo kinachofunga wazo moja na jingine, na namba au majina ambayo kichwa hakiwezi kuyashika. Mengine yote yanakaa kichwani.

Chukua mfano wa mnunuzi wa parachichi wa Valencia anayezungumza na muuzaji kutoka Njombe. Anasema kwa Kihispania: mwaka jana tulinunua makontena 12, lakini matatu yalifika matunda yakiwa yameiva kupita kiasi, msimu huu tungeweza kupanda hadi makontena 18, mradi joto ndani ya kontena lisizidi nyuzi 6. Mimi ningeandika hivi:

```
      mw. jana
         nunua 12 K
lkn      3 K iva++
-----------------
      msimu huu
         nge  ↑ 18 K
mradi    joto ≤ 6
=================
```

Viungo vimekaa peke yake pembeni kushoto, kwa sababu ndivyo vinavyopotea kwanza na ndivyo vinavyobeba mantiki ya biashara. Mawazo yanashuka kimshazari kwenda kulia, hivyo jicho linateremka bila kutafuta. Mstari mfupi unatenga wazo na wazo, na mistari miwili inaonyesha zamu yangu ya kusema inaishia wapi. Tumia daftari dogo linalofunguka kwa juu, andika upande mmoja wa karatasi, na ukishasema kipande kipige mstari ili usikirudie.

Itazame hiyo "nge". Mnunuzi alisema *podríamos*, hakusema *podemos*. Bado hajaahidi chochote. Ukisema "tutachukua 18", muuzaji anaweza kurudi Njombe akawalipa wakulima malipo ya awali kwa mzigo ambao hakuna aliyekubali kuununua. Kiswahili chetu kinayo -nge- iliyo tayari kabisa kwa kazi hiyo, na ninaiandika kila mara hata kama nimeacha mambo mengine. Kanusho nalo liandike kwa alama moja kubwa isiyoweza kukosewa. "Hatukubali" ikigeuka "tunakubali", hakuna ustadi mwingine utakaokuokoa.

Mwalimu, hayo maandishi niandike kwa lugha ipi? (Msomaji, Mombasa)

Kwa ile inayotoka mkononi haraka zaidi, na kuchanganya si kosa. Mimi viungo naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nitakachosema, na majina ya bidhaa naandika jinsi nilivyoyasikia. Alama mpya usiibuni ndani ya kikao. Alama usiyoizoea kwa mazoezi ya wiki kadhaa itakutazama tu usijue uliiweka kwa maana gani.

Hawa watu wanaongea mbio mno! Nikimwomba mtu apunguze kasi, anapunguza dakika moja halafu anarudi kulekule. Nifanye nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Anza kwa kujua unachokisikia. Sehemu ya ile mbio ni silabi kuungana. Sisi katika "taa" tunatamka silabi mbili. Mhispania akisema *va a haber* anaziyeyusha irabu za mpakani mwa maneno, na sikio lako linapata kitu kama "vaber". Akiwa ametoka Sevilla, Visiwa vya Kanari, Karibiani au Chile, hata ile *s* ya mwisho inakuwa pumzi tu au inatoweka, na *-ado* mara nyingi inasikika "ao". Kwa hiyo kabla ya kikao uliza mzungumzaji ni wa wapi, kisha usikilize mahojiano ya watu wa kwao kwa siku tatu au nne. Sikiliza sekunde 20, andika ulichosikia, rudia. Sikio likishazoea mipaka ya maneno, kasi ileile inaanza kufuatika.

Jambo la pili ni makubaliano. Dakika tano kabla ya kuanza, mwambie mzungumzaji kwamba utasema baada ya kila wazo moja, dakika moja hivi au mbili, na kwamba ukiinua kalamu maana yake ni zamu yako. Kaa mahali anapoiona kalamu. Akisahau, subiri sauti yake ishuke mwishoni mwa sentensi, sema *permítame*, na uanze kukalimani papo hapo. Usimwombe apunguze kasi, kwa sababu kasi ya mtu ni tabia yake ya miaka mingi. Urefu wa zamu ndio unaoweza kuubadilisha, na ukimkatiza hivyo mara mbili tatu huwa anaanza kusimama mwenyewe.

Na kasi ikipanda, andika machache zaidi. Mtu akianza kuorodhesha, andika kwanza idadi. Akisema kuna masharti manne, weka 4 na duara, kisha yafuate. Ukijikuta na matatu, unaweza kumwambia: "Umetaja masharti manne, nimepata bei, tarehe na ufungashaji. La nne ni lipi?" Swali la namna hiyo linajibiwa kwa sekunde tatu. "Naomba urudie" humfanya aanze hotuba upya, tena kwa maneno mengine.

Namba ndizo zinaniangusha. Kuna mbinu? (Msomaji, Nairobi)

Ziandike zikiwa bado zinatamkwa, hata kama wazo ulilokuwa unaliandika litabaki nusu. Mantiki inaweza kukumbukwa, namba haikumbukwi. Mimi mwenyewe niliwahi kusikia *setenta* mahali palipotamkwa *sesenta*, nikasema siku 70 za malipo badala ya 60, na pande mbili zikabishana robo saa kuhusu jambo ambalo walikuwa wamelikubali. Tangu hapo kila namba ya fedha au muda naiandika kubwa na kumgeuzia karatasi mzungumzaji aitikie kwa kichwa.

Tahadhari mbili. *Mil millones* ni bilioni yetu, na *billón* ya Kihispania ni trilioni yetu. Kosa hapo ni mara elfu moja. Kwenye karatasi, Hispania nukta hutenga maelfu na mkato hutenga sehemu ya desimali, kwa hiyo 1.200 ni elfu moja na mia mbili. Meksiko hufanya kama sisi. Na kwenye parachichi kuna mtego mwingine: saizi 16 maana yake ni matunda 16 kwenye boksi la kilo 4, hivyo namba inapokua tunda linapungua. Mnunuzi akitaka *calibres grandes*, sema "matunda makubwa", usiseme "namba kubwa".

Nikigundua nimekosea wakati mazungumzo yameshasonga? (Msomaji, Zanzibar)

Subiri pumzi ya kwanza, kisha sema kwa lugha zote mbili: "Mkalimani anasahihisha: ilikuwa siku 60." Siku zote ukisema "mimi" wanaelewa kuwa ni mzungumzaji unayemkalimani, kwa hiyo jitaje kama mkalimani wasije wakadhani mnunuzi amebadili msimamo. Sahihisha kabla bei au tarehe haijaingia kwenye muhtasari wa kikao.