Mtoto kaanza chekechea na mafua hayaishi: lini kupima kinga kuna maana

Binti yangu alianza chekechea akiwa na mwaka mmoja na miezi saba. Siku ya tisa alirudi na kamasi, na tangu siku hiyo, kwa miezi mitano, sikumbuki wiki mbili mfululizo pua yake ikiwa kavu. Kabla ya hapo alikuwa ameugua mara mbili tu tangu azaliwe. Nikaamini kabisa kwamba kinga ya mwili wake ina kasoro.

Nilifanya mambo mawili, moja jema na moja baya. Jema ni kwamba nilianza kuandika kila ugonjwa kwenye daftari. Baya ni kwamba nilimpeleka maabara mwenyewe, bila kumwona daktari, nikaomba wampime kinga.

Nianze na daftari, maana ndilo lililotusaidia. Wiki ya 2: mafua, homa siku mbili, kikohozi siku 16. Wiki ya 5: mafua tena, hana homa. Wiki ya 7: kutapika na kuharisha siku tatu. Wiki ya 9: homa, sikio la kulia, kapewa dawa, kapona. Wiki ya 12: vidonda mdomoni na vipele viganjani na nyayoni. Wiki ya 15: mafua na kikohozi. Wiki ya 19: macho mekundu na mafua. Magonjwa saba ndani ya wiki 20.

Nilipompelekea daktari wa watoto daftari lile, alilisoma mpaka mwisho kabla hata hajamgusa mtoto. Kisha akapiga hesabu nami. Mtoto mdogo katika mwaka wake wa kwanza wa chekechea huweza kupata mafua mara 8 hadi 10, wengine hata 12, ukiacha kuharisha mara moja au mbili. Kila mafua huchukua siku 7 hadi 10, na kikohozi chake kinaweza kubaki hadi wiki tatu hata virusi vikiwa vimeshatoka. Chukua mafua 10, kila moja wiki mbili: hizo tayari ni wiki 20 za kamasi. Nayo hayaji kwa mpangilio, hurundikana kwenye miezi michache, hivyo jipya linaanza kabla kikohozi cha lile la zamani hakijaisha. Mzazi anaona ugonjwa mmoja usiokoma, kumbe ni mitatu iliyoshikana mikia.

Sababu yake si udhaifu. Mtoto huzaliwa akiwa na kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea, alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, na akiba hiyo huwa imekwisha kwa sehemu kubwa akifika miezi sita. Baada ya hapo anajenga zake, na anazijenga kwa kukutana na vimelea. Virusi vya mafua vya kundi moja tu, rinovirusi, vina aina zaidi ya 100, na kuugua aina moja hakumkingi mtoto dhidi ya nyingine zote. Binti yangu alikuwa amelelewa nyumbani na watu wazima wawili. Ghafla akawekwa chumba kimoja na watoto 14 wanaotiana vidole mdomoni. Watoto wanaoanza mapema kukaa na wenzao huugua zaidi mwanzoni, kisha huugua kidogo wakifika shule ya msingi, wakati wale waliobaki nyumbani ndio wanaanza kulipa deni hilo.

Daktari alitafuta mambo matatu kwenye daftari langu, na hayo ndiyo ningependa kila mzazi ayaangalie kabla ya kuhesabu idadi. Je, mtoto hupona katikati, hata kwa siku tatu nne, akarudi kucheza na kula kama kawaida? Je, ugonjwa unahama, leo pua, kesho tumbo, keshokutwa ngozi, na unakwisha wenyewe au kwa dawa ya kawaida ya kunywa? Na je, mstari wa uzito kwenye kadi yake unaendelea kupanda? Kwa binti yangu majibu yote matatu yalikuwa ndiyo. Alikuwa ameongeza gramu 900 katika miezi ile mitano.

Ndipo nikatoa ile karatasi ya maabara.

Karatasi ile ilininyima usingizi siku nne, na naona aibu kwamba sikumpigia mtu yeyote aliyesomea jambo hili. IgG, ambayo ndiyo kingamwili kuu ya damu, ilisomeka 5.8 g/L, na pembeni palichapwa kiwango cha 7 hadi 16 na herufi L, yaani iko chini. IgA, kingamwili ya aina nyingine, ilikuwa 0.4, nayo ina L. Kwenye picha kamili ya damu limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, zilikuwa asilimia 62, zikawekewa H, yaani ziko juu. Ukiisoma kama nilivyoisoma mimi, mtoto hana kinga na damu yake imeharibika.

Daktari alizungushia kalamu ile 7 hadi 16, akaniambia: "Mama, hiki ni kiwango cha mtu mzima." Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, IgG inaweza kuwa popote kati ya 3 na 13 hivi na ikawa sawa kabisa. IgA ndiyo inayochelewa kuliko zote. Daktari hawezi kusema mtoto ana upungufu wa IgA pekee kabla hajafika miaka minne, kwa sababu wengi bado wanaijenga. Na limfosaiti kuzidi nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo hadi karibu miaka minne au mitano, ndipo mizani inapogeuka. Karatasi yangu yenye alama tatu za hatari ilikuwa ya mtoto mwenye afya. Kwa hiyo ukishika majibu ya mtoto, tafuta kwanza kama kiwango kilichochapwa pembeni ni cha umri wake. Kama hakuna umri, usitafsiri chochote peke yako.

Pia nilikuwa nimempima akiwa na homa. Virusi vinaweza kushusha idadi ya chembe nyeupe kwa siku kadhaa, kwa hiyo kama hakuna dharura, ni heri kusubiri apone.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba usome taratibu. Mtoto wa kiume wa binamu yangu, rika moja na binti yangu, aliugua mara chache kuliko yeye. Kwa idadi tu, wangu ndiye aliyekuwa "mgonjwa". Lakini yule alilazwa na nimonia akiwa na miezi tisa, akawekewa dawa kwa mshipa. Miezi minne baadaye nimonia tena, hospitali tena, mshipa tena. Katikati, sikio lilitoa usaha wiki baada ya wiki, dawa ikimalizika linaanza upya. Uzito wake ulisimama, kisha mstari ukaanza kushuka. Na bibi yake, alipoulizwa vizuri, alisema alikuwa na mtoto wa kiume aliyefariki mdogo kwa magonjwa ya kifua. Huyo alikuwa mjomba wa mtoto, upande wa mama.

Daktari aliyemwangalia koo aliona tonsili hazipo karibu kabisa, wakati mtoto anayeugua mara kwa mara kwa kawaida huwa nazo kubwa. Alipopimwa, IgG ilikuwa chini ya 1 g/L, ndogo kwa umri wowote ule, na limfosaiti za aina ya B, zile zinazozaa kingamwili, hazikuonekana karibu hata moja. Huo ni ugonjwa wa kurithi unaopitia kwa mama na kuwapata wavulana. Ulianza kujionyesha baada ya miezi sita kwa sababu ndipo akiba ya mama ilipokwisha. Sasa anaongezewa IgG kila baada ya wiki nne.

Kwa hiyo idadi ya mafua haikueleza kitu. Kilichoeleza ni mahali ugonjwa ulipopiga na namna ulivyoisha. Nimonia mbili ndani ya mwaka, maambukizi mapya ya sikio manne au zaidi ndani ya mwaka, miezi miwili ya viuavijasumu bila nafuu, majipu ya ndani yanayorudi, utandu mweupe wa fangasi mdomoni usioondoka baada ya mwaka wa kwanza, maambukizi yaliyoingia kwenye damu au ubongo: haya yanatosha kuomba vipimo. Mambo matatu yana uzito wa pekee hata likija moja tu: uzito usiopanda, maambukizi yaliyohitaji dawa ya mshipa ili yaishe, na ndugu wa damu mwenye tatizo la kinga au mtoto wa ukoo aliyefariki mdogo kwa maambukizi. Hilo la mwisho mara nyingi halisemwi mpaka uulize, na waulize wazee.

Vipimo vya kuanzia si vingi. Picha kamili ya damu pamoja na idadi halisi ya kila aina ya chembe nyeupe, maana asilimia peke yake hudanganya. Aina nne za kingamwili: IgG, IgA, IgM na IgE. Kipimo cha VVU. Na kile ambacho wazazi wengi hawakijui: kupima kama mtoto ana kingamwili za chanjo alizokwisha kupata, kwa mfano ya pepopunda. Hicho kinaonyesha kama kinga inafanya kazi, si kwamba ipo tu. Mtoto mwenye IgG iliyo chini kidogo kwa umri wake lakini aliyeitikia chanjo vizuri mara nyingi amechelewa tu kukomaa. Hupimwa tena baada ya miezi kadhaa, na wengi hupanda wenyewe kati ya miaka miwili na minne. Kama tatizo kubwa la kinga linashukiwa, mwulize daktari kabla ya chanjo yoyote yenye vimelea hai.

Kuna watoto ambao kinga yao ni nzima na bado wana tatizo linalohitaji jina lingine. Kamasi nyepesi isiyo na homa, na macho yanayowasha, huenda ni mzio. Kikohozi cha usiku chenye mluzi kinaelekea pumu. Kikohozi chenye makohozi kilichopita wiki nne bila siku ya kupumzika kipelekwe kwa daktari. Homa inayorudi kila wiki tatu au nne kama imewekewa saa, pasipo mafua, nayo ina maelezo yake. Na kamasi yenye harufu mbaya inayotoka tundu moja tu la pua, angalia kama hakuna shanga ndani.

Rangi ya kamasi isikutishe. Huwa ya kijani kwenye mafua ya virusi pia, na viuavijasumu haviifupishi hata siku moja. Kinachonifanya niondoke nyumbani usiku uleule ni mtoto anayevuta mbavu ndani akipumua, anayekataa kunywa, au anayelegea hata homa ikishuka.

Daftari bado ninalo. Mwaka wa pili wote lina kurasa mbili.