Picha ya kivuko kilichopinduka: nilivyoikagua na skripti niliyoandika

Dada mmoja wa Nansio kaniandikia inboksi juzi: "Kaka, ile picha ya kivuko ulijuaje ni ya zamani, mbona huku wote tuliamini?" Nikaona nijibu hapa hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kufanya hizi video za kusahihisha.

Kwa ambao hamkuiona, ilikuwa picha ya chombo kimepinduka, tumbo juu, watu wamesimama juu yake, na maandishi mekundu: KIVUKO CHA UKARA LEO ASUBUHI, TUOMBEANE. Ilifika na ile mishale miwili ya WhatsApp inayoonyesha imefowadiwa mara nyingi. Leo ipi, haisemi. Kivuko gani, haisemi. Ila huku ziwani kila mtu ana ndugu anayevuka, jirani yangu alishaanza kulia kabla hata hajampata mwanae kwenye simu.

Nikakata yale maandishi yote ikabaki picha tupu, kwa sababu Google Lens ikikuta maandishi makubwa huwa inayafuata yenyewe. Nikatafuta, zikaja meli za nchi za watu huko, hakuna inayofanana. Hapa ndipo wengi wanakimbilia kusema haipo popote kwa hiyo ni mpya. Mimi nikaikuza taratibu, nikaona herufi kwenye jaketi la mwokoaji mmoja zinasomeka kinyume kama kwenye kioo, kumbe mtu ameigeuza kushoto kulia ili isipatikane. Nikaigeuza irudi, nikatafuta tena, zikamwagika kurasa za habari za Septemba 2018. Ni MV Nyerere, iliyopinduka tarehe 20 mwezi huo karibu na Ukara ikaua watu zaidi ya 200.

Nikaipitisha na TinEye, mtambo mwingine wa kutafuta picha ilikowahi kuonekana mtandaoni, nikapanga matokeo kuanzia ya zamani kabisa. Zingatieni hapa: tarehe ya TinEye ni siku mtambo wao ulipoiona picha mtandaoni, sio siku ilipopigwa. Kwa hiyo picha inaweza kuwa ya zamani zaidi ya hapo, mpya zaidi haiwezekani. Hicho kinatosha kabisa kusema sio ya leo.

Lakini jamani, picha kuwa ya zamani haimaanishi leo hakuna ajali! Hayo ni maswali mawili tofauti na hili la pili halijibiwi na Google. Nikampigia mtu anayefanya kazi gatini Bugolora, halafu mwingine upande wa Ukara asiyejuana naye, kisha ofisi ya TEMESA wenye vivuko. Wote wakasema kivuko kimefunga gati tangu asubuhi kwa sababu ya upepo, abiria wako nchi kavu wanasubiri. Kumbe uvumi ulikuwa na mzizi: watu waliona kivuko hakijafika wakaogopa.

Ule mzizi lazima uingie kwenye video, la sivyo aliyemsubiri ndugu yake saa tatu nzima gatini atakuona wewe ndiye muongo. Skripti yangu ya kama dakika moja ilikuwa hivi:

"Abiria wa kivuko cha Ukara wako salama. Ni kweli leo kivuko kimechelewa, upepo ulikuwa mkali na kimebaki gatini Bugolora. Tumethibitisha kwa watu wa pande zote mbili na kwa TEMESA. Picha inayosambaa ni ya MV Nyerere, Septemba 2018, imegeuzwa kushoto kulia. Angalia herufi za jaketi hili. Hatujui nani aliyeanza kuisambaza. Waliokuwa na hofu walikuwa na sababu, kivuko kweli hakikuonekana. Hadi saa nane mchana huu hakijaondoka."

Ona sentensi ya kwanza ni ukweli, sio uvumi. Ukianza na "eti kivuko kimezama?" anayeangalia sekunde tatu anaondoka na neno "kimezama" tu. Picha nimeionyesha kidogo tu, nimeizibia nyuso, na muhuri PICHA YA 2018 umekatiza katikati, kwa sababu wakiipiga skrini shoti muhuri wa pembeni unakatwa. Na jina la aliyeiposti kwenye grupu letu sijalitaja, alikuwa mama mwenye hofu tu.

Bado niliitwa msemaji wa serikali, tena na watu ninaokula nao samaki, na iliniuma sana. Ila msijibu matusi, jibuni anayeuliza ushahidi, mpeni linki ya ukurasa wa 2018 ajionee mwenyewe.

Video ipeleke kwanza kwenye grupu lile lile ulikoipata picha, saa iandikwe kwenye skrini mwanzo hadi mwisho, na kivuko kikiondoka rudi uandike kwenye komenti ya juu kimeondoka saa ngapi. Mimi niliandika saa tisa na robo, na maswali mengi yakaishia hapo.